Kulazimishwa kuwa huru: Juma, mfereji na utashi wa umma

"Mwalimu, nimekutana na ile kauli ya Rousseau kwamba anayekataa kutii utashi wa umma atalazimishwa kuwa huru. Kwangu ni kama kusema maji makavu. Mtu ama yuko huru, ama amelazimishwa. Je, kauli hii ina mantiki yoyote, au ni udikteta uliovalishwa kanzu ya uhuru?"

Mantiki ipo, ila kwa maana moja nyembamba, na maana hiyo inaahidi kidogo kuliko maneno yenyewe yanavyovuma. Nadharia inakatika mbele zaidi, kwenye suala la kura, ambako wasomaji wengi hawafiki kwa sababu wameshakasirishwa na hii kauli ya mwanzo. Tuanze nayo, kisha tushuke hadi huko.

Kauli imo katika Mkataba wa Kijamii, kazi ya mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau iliyotoka mwaka 1762, kitabu cha kwanza, sura ya saba. Watu hunukuu "atalazimishwa kuwa huru" na kuweka nukta. Rousseau mwenyewe hakuweka nukta hapo. Anaendelea kutoa sababu: kwa kuwa sharti hili, linalomkabidhi kila mwananchi kwa nchi yake, ndilo linalomkinga asiishi kwa kumtegemea mtu mwingine. Neno la kushika ni hilo la kutegemea. Rousseau haiogopi sana sheria. Anachokiogopa ni bwana. Huyu ni mtoto wa fundi saa wa Geneva ambaye ujanani aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri mjini Turin, akivaa sare ya nyumba ile, na alijua vizuri maana ya kula yako kutegemea bwana kaamkaje. Kwake, kuwa mtumwa ni kuwa chini ya hiari ya mtu fulani, hata kama mtu huyo ni mpole na hajakugusa. Kuwa chini ya kanuni inayomshika kila mmoja sawasawa, yule bwana akiwemo, ni jambo jingine kabisa.

Hapa niseme kidogo kuhusu maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinaweza kututega. Wapo wanaoita dhana hii "utashi wa jumla". Siupendi msemo huo. Jumla, kwa mtu yeyote aliyewahi kupiga hesabu, ni kile unachopata ukijumlisha. Na Rousseau anasisitiza kwamba kujumlisha matakwa ya kila mtu hakukupi kitu anachokizungumzia. Jumla ya matakwa inaangalia faida ya kila mmoja pake. Utashi wa umma unaangalia faida wanayoshiriki. Ndiyo maana nakubaliana na namna ulivyoandika wewe, utashi wa umma, na nitabaki nao.

Sasa tuchukue kisa. Kuna watu 100 wenye mashamba kando ya mfereji mmoja. Maji yakitiririka yanapita shamba la kwanza, la pili, mpaka la mia. Wamekutana wote wakaweka kanuni: kila shamba linapata maji siku moja katika kila siku kumi, kila mwenye shamba anatoa siku mbili kwa msimu kuzoa tope mferejini, na atakayefungua lango lake siku isiyo ya zamu yake, lango hilo litatiwa kufuli kwa zamu mbili zinazofuata. Juma ana shamba la pili kutoka juu. Alikuwepo mkutanoni. Usiku mmoja, si zamu yake, anafungua lango. Asubuhi wenzake wanakuja na kufuli.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni umbo la kanuni. Haimtaji Juma. Haisemi "shamba la pili". Inasema "atakayefungua". Katika sura ya sita ya kitabu cha pili Rousseau anasema sheria huwatazama raia wote kama mwili mmoja na matendo kwa ujumla wake, kamwe haimlengi mtu kwa jina. Sheria inaweza kusema kutakuwa na adhabu. Haiwezi kusema fulani aadhibiwe. Hilo la pili ni amri, na ni kazi ya watendaji. Anaongeza kuwa sheria lazima itoke kwa wote na iwaguse wote. Sababu yake ni ya kawaida tu, wala haina falsafa ngumu: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukijua mkuki unaoutengeneza utakuchoma na wewe, utaupima ncha yake kabla hujanyoosha mkono kuupigia kura.

Cha pili ni pale kwenye tope. Siku mbili za kuzoa tope ni kazi chafu. Muulize kila mmoja faraghani anataka nini, na akikuambia ukweli wa moyo wake atasema: wote wazoe, isipokuwa mimi. Majibu 100 ya namna hiyo. Ukiyachukua kama yalivyo, yanapingana kabisa, hayajengi chochote. Lakini yachambue. Ombi la "isipokuwa Juma" lina mtu mmoja anayelitaka, Juma; wengine 99 wanataka Juma azoe. Ombi la "isipokuwa" la jirani yake nalo lina mtu mmoja dhidi ya 99. Kila ombi la kuachwa linaangushwa na mengine yote, na baada ya yote kuanguka kinabaki kile walichokubaliana bila kukusudia: wote wazoe. Naona hivi ndivyo inavyosomeka vizuri ile sentensi iliyowasumbua watu ya sura ya tatu, kitabu cha pili, anaposema tuondoe katika matakwa hayo vijumlisho na vitoa vinavyofutana, na kitakachosalia ndicho utashi wa umma. Si muujiza wa hesabu. Ni kwamba ubinafsi wa mtu mmoja mmoja unaelekea kila upande, kwa hiyo unafutana. Kilicho cha pamoja kinaelekea upande mmoja, kwa hiyo kinasalia.

Lakini fikiria watu 60 wa sehemu ya juu wamekaa pembeni kabla ya mkutano wakakubaliana: wa chini ndio wazoe, kwa kuwa tope hujaa kwao. Sasa "isipokuwa sisi" ina kura 60 dhidi ya 40. Haifutwi. Inapita. Ndiyo maana Rousseau anavichukia vikundi ndani ya umma, na kama haviepukiki, anataka viwe vingi na visizidiane nguvu. Kilichotokea hapa ni wengi wape. Na ni vizuri tulitaje hilo mapema, kwa sababu wasomaji wengi wanaamini Rousseau anafundisha wengi wape. Siyo. Kwake wengi wanaweza kabisa kukosa utashi wa umma, na wakikosa, kufuli lao ni kufuli la wenye nguvu tu.

Turudi kwa Juma na lango lake. Je, kumfungia ni kumfanya huru?

Kama uhuru maana yake ni kutozuiwa kufanya unachotaka dakika hii, jibu ni hapana, na Rousseau hakatai. Sura ya nane ya kitabu cha kwanza inaweka wazi kwamba mtu akiingia katika mkataba anapoteza uhuru wa asili, ule wa kujichukulia chochote mkono unachoweza kufika. Juma amezuiwa. Hakuna haja ya kupaka rangi. Mgongano wa kimantiki ungekuwepo kama tungesema uhuru uleule mmoja umeondolewa na kuongezwa kwa wakati mmoja. Hayo ndiyo maji makavu yako. Rousseau anasema umeondolewa mmoja na kulindwa mwingine, uhuru wa kiraia: kuwa na chako chini ya kanuni, bila kumwomba mtu.

Utauona uhuru huo ukiangalia kisa kikienda bila kufuli. Juma anafungua atakavyo. Wa tatu anaona, naye anafungua. Muda si mrefu shamba la mia linapata maji pale tu walio juu wanapotosheka, na mwenye shamba hilo anajifunza kumwamkia Juma kwa heshima isiyo ya kawaida, kumsifia ng'ombe wake, kunyamaza mkutanoni Juma anapokosea. Hakuna aliyempiga. Lakini maisha yake sasa yako mfukoni mwa mtu. Kuondoa hali hiyo bila nguvu yoyote nyuma ya zamu haiwezekani, kwa sababu zamu isiyo na kufuli ni ombi.

Hapo utaniuliza, na ungekuwa na haki: huyo ni wa mia. Yeye amekuwa huru zaidi. Juma je? Kauli haisemi anayetii atakombolewa kutoka kwa asiyetii. Inasema huyu anayelazimishwa ndiye anayelazimishwa kuwa huru.

Jibu la Rousseau lina sehemu mbili, na moja ina nguvu kuliko nyingine. Yenye nguvu ni hii: hakuna mwenye nguvu za kutosha kuwa bwana siku zote. Juma yuko juu kwenye mfereji, lakini maji yenyewe yanamfikia kwa sababu watu 100 wanazoa tope, na shamba la kwanza liko juu yake. Mwenye shamba la kwanza akiamua zamu ni ombi, Juma ndiye atakayesifia ng'ombe. Kanuni anayoivunja ndiyo inayomzuia kuwa mtu wa kuomba. Wenzake wanapotia kufuli, wanaitunza ile kanuni inayomlinda hata yeye. Na ushahidi kwamba anaitaka si kitu cha kubuni wala cha kusoma nyota. Ni mwenendo wake. Siku mwenye shamba la kwanza alipochelewa kufunga lango, Juma alipiga kelele akidai zamu yake. Alidai kwa jina la kanuni, si kwa jina la nguvu zake. Kwa hiyo tunaposema Juma ana matakwa mawili, ya Juma kama mtu na ya Juma kama mwanachama, hatumaanishi kuna Juma mwingine wa siri ndani yake anayesemewa na wataalamu. Tunamaanisha anaitegemea kanuni mchana na kuikimbia usiku.

Sehemu dhaifu inakuja kama Juma kweli ni wa kwanza kwenye chanzo, ana walinzi, ana kisima chake, na hahitaji mtu. Kwa mtu kama huyo, kumfungia lango kunaweza kuwa haki. Lakini kusema kumempa uhuru kunahitaji kuvutwa sana. Rousseau angejibu kwamba mwenye kutawala wengine naye ni mtumwa, hata kuliko wao, kwa kuwa anahitaji hofu yao kila siku. Kuna ukweli humo, ila si kila bwana analala macho. Nadhani hapa inabidi tukubali mpaka: hoja inafanya kazi pale tu watu wanapohitajiana na nguvu zao hazitofautiani kupita kiasi. Rousseau mwenyewe alilijua hilo, maana anataka pasiwe na raia tajiri kiasi cha kuweza kumnunua mwenzake, wala maskini kiasi cha kulazimika kujiuza. Si nasaha za huruma hizo. Ni msingi wa hoja yake. Ukiuondoa, kauli yake inaanguka.

Kuna uhuru wa tatu anaoutaja sura hiyohiyo ya nane, na huu ndio umeleta balaa. Anauita uhuru wa kimaadili: kuongozwa na tamaa tupu ni utumwa, na kutii sheria uliyojiwekea ndio uhuru. Wengi wameunganisha sura ya saba na ya nane na kupata kwamba dola inamchapa mtu ili nafsi yake ya juu iishinde nafsi yake ya chini. Mwanafalsafa Isaiah Berlin, katika mhadhara wake wa Oxford wa mwaka 1958 kuhusu dhana mbili za uhuru, alionyesha hatari ya njia hiyo vizuri: mtu akishakubali kwamba ana nafsi ya kweli asiyoijua, anayedai kuijua anaweza kumtesa huku akisema anamtimizia matakwa yake. Nakubaliana na Berlin kuhusu hatari. Ila ukisoma kwa makini, usomaji huo haushiki hata kimantiki. Uhuru wa kimaadili ni kutii kwa kuwa sheria ni yako. Aliyetii kwa kuwa lango limetiwa kufuli hajatii kwa sababu hiyo. Kufuli linaweza kumzuia Juma kuiba maji. Haliwezi kumfanya mtu asiyependa kuiba. Kwa hiyo kulazimishwa kuwa huru kimaadili ndiko hasa maji makavu, na sababu anayoitoa Rousseau katika sentensi yake haiutaji uhuru huo kabisa. Inataja utegemezi tu.

Sasa tufike kwenye kura, ambako ndiko ninakoona ufa wenyewe.

Kitabu cha nne, sura ya pili. Rousseau anajiuliza swali gumu: mtu anakuwaje huru huku akifungwa na sheria aliyoipinga? Jibu lake ni kwamba swali limewekwa vibaya. Watu wanapopiga kura hawaulizwi kama wanaipenda sheria, wanaulizwa kama inalingana na utashi wa umma. Maoni yaliyo kinyume na yangu yakishinda, imethibitika kwamba nilikosea, na kile nilichodhani ni utashi wa umma hakikuwa hicho. Kisha anasogea hatua moja zaidi: kama maoni yangu yangeshinda, ningefanya kisichokuwa matakwa yangu, na hapo ndipo nisingekuwa huru.

Ili hilo lisimame, kura lazima iwe kama kipimo. Miaka 23 baada ya kitabu hicho, 1785, mwanahisabati Mfaransa Condorcet alichapisha hesabu inayoonyesha lini kura ni kipimo kizuri. Chukua watu 101, swali lenye jibu sahihi, kila mmoja akifikiri kivyake na akiwa na uwezekano wa kupatia mara 6 katika 10. Wengi wao watapatia takriban mara 98 katika 100. Katika hali hiyo mtu mmoja akiwa upande wa walioshindwa, kusema "pengine nimekosea" ni busara, si unyenyekevu wa woga. Lakini wagawe watu haohao katika kambi tatu zinazokaribiana ukubwa, kila kambi ifuate kiongozi wake bila kufikiri, na kila kiongozi apatie mara 6 katika 10. Sasa ni kama wapiga kura watatu tu, na wengi watapatia takriban mara 65 katika 100. Na kama kila mmoja anapatia mara 4 tu katika 10, kwa sababu amelishwa uongo au kwa sababu anajibu "je, inanifaa mimi?" badala ya "je, inatufaa?", hesabu inageuka juu chini: watu 101 watapatia mara 2 hivi katika 100. Wingi ule uliokuwa dawa unakuwa sumu.

Rousseau hakupiga hesabu hizo, lakini sharti lake aliliandika, na ni sentensi ambayo wanaomnukuu majukwaani huiruka. Yote hayo, anasema, yanachukulia kwamba sifa zote za utashi wa umma bado zimo katika kura za wengi. Zikikosekana, uwe upande wowote, uhuru haupo tena. Na ana dalili ya kukushangaza ya kutambua ugonjwa. Kura zinazokaribiana kuwa moja ni afya, lakini kuna umoja mwingine unaorudi upande wa pili wa duara, pale woga na kujipendekeza vinapogeuza kura kuwa vigelegele. Hapo watu hawajadili tena, wanaabudu au wanalaani. Kwa hiyo mkutano wa mfereji ukipitisha kila kitu kwa asilimia mia na makofi, huo si ushahidi wa utashi wa umma. Uliza kwanza nani ana funguo za kufuli.

Lakini hata tukimpa sharti lake lote, naona Rousseau amevuka mto kwa kuruka. Tuseme Juma alipinga ile kanuni ya siku mbili za tope kwa kuwa aliamini siku moja inatosha. Hilo lina jibu: subiri msimu, angalia mfereji unajaa au haujai. Wengi wakimpinga, inawezekana kabisa wamemwonyesha kosa. Lakini tuseme alipinga zamu sawa kwa kuwa anaona mwenye watoto wengi apate maji zaidi. Hapa hakosei kuhusu tope wala maji. Ana maoni tofauti kuhusu usawa wenyewe ni upi. Kura 60 kwa 40 haiwezi kumthibitishia kwamba amekosea, kama ambavyo kura haiwezi kuthibitisha kwamba wimbo ni mzuri. Inaweza kuamua, na hilo ni tofauti.

Na Rousseau alikuwa na jibu bora mkononi, ameliandika aya chache tu juu, katika sura hiyohiyo. Anasema kuna sheria moja peke yake inayohitaji ridhaa ya wote bila kubakiza, nayo ni mkataba wa mwanzo, na humo ndimo wanamokubaliana kwamba yaliyobaki wengi wataamua. Juma angeweza kuambiwa: hujakosea, umeshindwa, uliingia katika utaratibu ambao wewe pia hushinda, na unaweza kulileta tena mkutano ujao. Hiyo inatosha kumdai atii. Kumwambia zaidi ya hapo, kwamba alichokitaka kweli ni kile alichokipigia kura ya hapana, ndiyo hatua isiyolipiwa. Nami nasema kauli ya sura ya saba inasimama bila hatua hiyo, ila watu wamezisoma sura hizi mbili kama moja, na Rousseau hakuwasaidia.

Katika sura hiyo ya kura ana tanbihi fupi inayoonyesha ujasiri na hatari yake kwa pamoja. Anasema mjini Genoa neno Libertas, uhuru, limeandikwa mbele ya magereza na kwenye minyororo ya wafungwa wa merikebu, na anaona matumizi hayo ni mazuri na ya haki, kwa kuwa ni wahalifu tu wanaomzuia raia kuwa huru. Msome Juma humo na utaelewa alichomaanisha. Kisha mweke humo ndani mtu aliyefungwa kwa kumpinga mwenye funguo, na neno lilelile mlangoni linakuwa tusi. Maandishi ya mlangoni hayabadiliki katika visa vyote viwili.

Kuhusu udikteta, kuna hatua mahsusi inayohitajika kutoka kwa Rousseau hadi huko, na inaonekana kwa macho. Tarehe 5 Februari 1794 Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, aliliambia bunge la mapinduzi kwamba serikali ya mapinduzi ni udhalimu wa uhuru dhidi ya utawala wa mabavu. Miezi minne baadaye, Juni 10, ilipitishwa sheria iliyowanyima watuhumiwa mawakili wa utetezi na kuiachia mahakama ya mapinduzi hukumu mbili tu, kuachiwa au kifo. Anayezungumza hapa si wananchi waliokutana. Ni kamati inayozungumza kwa niaba yao, na inawalenga "maadui wa watu", kundi ambalo wanaopiga kura hawatarajii kuwa ndani yake. Rousseau alisema utashi wa umma hauwakilishwi: ama ni wenyewe, ama ni kitu kingine. Aliwacheka hata Waingereza akisema wako huru wakati wa kuchagua wabunge tu, wakishachagua wanarudi utumwani. Kwa kipimo hicho hakuna kamati inayoweza kumlazimisha yeyote kuwa huru. Inaweza kumlazimisha tu.

Yeye mwenyewe alionja hilo. Juni 1762 Baraza Dogo la Geneva, watu 25, liliamuru Mkataba wa Kijamii uchomwe moto pamoja na kitabu chake kuhusu malezi, na mwandishi akamatwe akiingia mjini. Wananchi waliokutana katika Baraza Kuu hawakuulizwa. Katika barua zake za mwaka 1764 alilalamika hasa kuhusu hilo: watendaji wamekalia kiti cha umma.

Simtetei hadi mwisho, hata hivyo. Sura ya nane ya kitabu cha nne anaandika kuhusu dini ya kiraia, imani chache ambazo kila raia lazima azikubali. Asiyezikubali anaweza kufukuzwa nchini. Aliyezikiri hadharani kisha akaishi kama asiyeziamini anastahili kifo. Jaribu kuipitisha sheria hiyo katika kisa cha mfereji. Mwenye shamba la mia haachi kumtegemea Juma kwa sababu Juma amekiri kitu asichokiamini. Hakuna lango lililofunguliwa usiku, hakuna maji ya mtu yaliyochukuliwa. Ile sababu iliyofanya sentensi ya sura ya saba isimame haipo hapa, ila kufuli lipo, na mwandishi ni yuleyule.